Nimefuta akaunti, siku ya 12 ikafufuka yenyewe. Programu zilizounganishwa nayo nazikataje?

Kipepeo_Bluu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Jambo hili limeninyima usingizi tangu jana, nimeona nililete hapa.

Siku 12 zilizopita niliamua kuachana na mtandao wa kijamii niliokuwa nao miaka mingi. Siutaji jina kwa sababu sikuja kugombana na mtu, nataka njia tu. Nikaenda kwenye mipangilio, nikabonyeza kufuta akaunti moja kwa moja, nikaambiwa nina siku 30 za kujirudi kabla haijafutwa. Nikaiondoa kwenye simu, nikalala vizuri.

Jana jioni nimefungua programu yangu ya kukimbia, ile inayohesabu kilomita. Ikaniambia muda wangu umekwisha, niingie upya. Nikabonyeza kile kitufe cha "Endelea na..." kama nilivyozoea, maana humo sijawahi kuweka nywila. Ikafungua brauza sekunde mbili, ikanirudisha ndani. Dakika hiyohiyo barua pepe ikaingia kutoka kwa mtandao wenyewe: karibu tena, ufutaji wa akaunti yako umesitishwa. Nimebaki mdomo wazi.

La pili ni hili. Kuna chemshabongo moja niliicheza zamani mara moja tu. Mpaka leo inanitumia barua pepe yenye jina langu kamili na picha yangu ya wasifu, na siku ya kuzaliwa inanipa hongera. Sijawahi kuiandikia tarehe yangu ya kuzaliwa.

Naomba kujua: nafuta vipi ili kila kilichoungwa nayo kikatike kweli? Na je, kilomita zangu za miaka minne kwenye ile programu ya kukimbia zitapotea?

---

Chuma_Chakavu

Dada, mbona unajipa presha. Akaunti ikifutwa kila kitu kilichoungwa nayo kinakufa. Wewe bonyeza kufuta tena, halafu futa hizo apu zote kwenye simu. Umemaliza.

---

Kipepeo_Bluu

Chuma, ile chemshabongo niliifuta kwenye simu mwaka juzi. Barua pepe ya mwisho imekuja wiki iliyopita.

---

Fundi_Funguo

Mleta uzi, utashangaa nikikwambia hivi: hiyo akaunti kufufuka ni bahati yako. Usiifute tena leo. Nitaeleza.

Ile orodha ya programu ulizoziruhusu inakaa ndani ya akaunti. Ukiifuta akaunti, orodha inakwenda nayo, na hutaweza tena kuona nani alikuwa na ruhusa ya nini. Watu wengi huanza kwa kufuta akaunti halafu ndiyo wanakumbuka programu. Ni sawa na kutupa bunda la funguo baharini halafu unaanza kuuliza ulikuwa na milango mingapi. Wewe umerudishiwa bunda. Litumie.

Kuhusu kilichokufufua. Ulipobonyeza "Endelea na...", programu ya kukimbia haikukufungulia mlango yenyewe. Ilikupeleka kwenye mtandao wako ukathibitishe kuwa ni wewe. Brauza ya simu yako bado ilikuwa inakukumbuka, kwa hiyo hukuulizwa hata nywila, ndiyo maana zilikuwa sekunde mbili tu. Kwa macho ya mtandao, huko ni kuingia kwenye akaunti, na kuingia ndani ya zile siku 30 kunahesabiwa kuwa umebadili mawazo. Si kasoro ya kwako peke yako. X kwa mfano wanaonya wazi kwenye kurasa zao za msaada kwamba programu uliyoiruhusu zamani inaweza kuifufua akaunti uliyoizima, na wanashauri ukate ruhusa hizo kabla.

Halafu jambo la Chuma. Nusu yake ni kweli: akaunti ikishafutika kabisa, zile tokeni, yaani vile vibali ambavyo programu inavitumia kuchota habari zako bila kukuuliza kila mara, vinakufa. Bomba linakauka. Lakini maji yaliyokwisha kuingia kwenye ndoo ya mtu hayarudi. Chemshabongo ilipewa jina, picha, barua pepe na tarehe ya kuzaliwa siku ile uliyobonyeza kukubali, ikavihifadhi kwenye seva zake. Haichoti tena chochote. Inakupa hongera kutoka kwenye daftari lake yenyewe. Na kuifuta kwenye simu ni kuondoa picha ukutani tu, ruhusa haikai kwenye simu.

---

Mpiga_Zumari

Wakuu naomba msaada na mimi, akaunti yangu ilidukuliwa mwezi uliopita, jamaa amebadilisha na namba ya simu. Nairudishaje?

---

Fundi_Funguo

Mpiga Zumari pole sana, ila hilo ni jambo lingine, lifungulie uzi wake watu wakusaidie vizuri. Hapa tunaongelea mtu anayetaka kutoka, wewe unataka kuingia 😄

---

Kipepeo_Bluu

Asante Fundi. Basi naanzia wapi?

---

Fundi_Funguo

Anzia kwenye orodha, na usikate kitu kwanza. Nasisitiza hili kwa sababu ndipo watu wanapopoteza kilomita zao.

Kwenye Facebook orodha iko kwenye mipangilio, sehemu inayoitwa "Apps and websites". Kwenye X iko "Settings and privacy", kisha "Security and account access", kisha "Apps and sessions", halafu "Connected apps". Mitandao mingine ina sehemu ya namna hiyo, jina tu linabadilika. Fungua kwa kompyuta kama unaweza, simu zina tabia ya kuficha nusu ya orodha.

Kila programu utakayoikuta jiulize swali moja tu: nitaihitaji tena? Kama hapana, iache kwanza ilipo, tutairudia. Kama ndiyo, fungua programu hiyo yenyewe, ingia kwa njia ya zamani kwa mara ya mwisho, nenda kwenye mipangilio yake ya akaunti, na uhakikishe mambo mawili kwa mpangilio huu. Kwanza, barua pepe iliyoandikwa humo ni yako na unaifungua mpaka leo. Pili, weka nywila yake yenyewe. Halafu toka, uingie tena kwa barua pepe na nywila hiyo bila kugusa kile kitufe. Ukikubaliwa, na ukaona kumbukumbu zako zote zipo, hapo ndipo programu hiyo haikuhitaji tena huo mtandao.

Andika zote mahali halafu uje utuambie ulichokuta.

---

Nahodha_Msitaafu

Nadhani mnamsumbua bure. Facebook waliweka utaratibu tangu 2018 kwamba programu usiyoitumia siku 90 inakatwa yenyewe. Mwache akae kimya miezi mitatu, zote zitajikata.

---

Fundi_Funguo

Mzee Nahodha, utaratibu huo upo kweli, na ndiyo maana kwenye orodha hiyo utaona kundi la "Expired". Ila unakata jambo moja tu, nalo ni programu kuendelea kuomba habari mpya zisizo za wazi. Ilizozichukua kabla inabaki nazo, na siku ukibonyeza tena kitufe cha kuingia, kibali kinarudi na hesabu inaanza upya. Kwa mleta uzi, ile ya kukimbia anaitumia kila siku, haiwezi kufikisha hizo siku 90.

Tena kumbuka utaratibu huo ulikuja baada ya mambo ya Cambridge Analytica, ile kampuni ya kampeni za siasa, kufumuka Machi 2018. Pale kulikuwa na programu ya maswali ya tabia, watu wakaingia kwa akaunti zao, ikachukua habari zao na za marafiki zao, na Facebook wenyewe walikadiria huenda waliofikiwa ni hadi watu milioni 87. Mlango wa kuchukua habari za marafiki namna ile ulitangazwa kufungwa tangu 2014. Haikusaidia waliokwisha kuchukuliwa. Mwaka 2015 Facebook waliwataka waliohusika wafute data na wathibitishe kuwa wamefuta, na mnajua ilivyoishia. Kukata bomba ni jambo moja, ndoo ni jambo lingine, na ndoo iko kwa mwenyewe.

---

Nahodha_Msitaafu

Sawa, nimekuelewa kwenye ndoo. Bado nasema kwa mtu wa kawaida 90 zinatosha.

---

Kipepeo_Bluu

Nimerudi. Imenichukua jioni mbili.

Zilikuwa 23! Mimi ningeapa ni tano. Nyingine siwezi hata kukumbuka ni za nini, kuna moja inaitwa kwa herufi tatu tu na picha ya chungwa.

Za kubaki nazo ni nne: ya kukimbia, ya muziki, ya kujifunza lugha, na ya kutunza mapishi. Sasa sikilizeni.

Ya muziki na ya lugha zilikwenda kama Fundi alivyosema, dakika tano kila moja.

Ya kukimbia nusura inimalize. Nilipofungua mipangilio yake nikakuta barua pepe niliyoitumia nikiwa chuo, ambayo siifungui tena na nywila yake siikumbuki. Sikuiandika mimi, ilipewa na mtandao siku ile najiunga, na baadaye nilipobadilisha barua pepe kwenye mtandao, humu haikubadilika. Ningebonyeza "nimesahau nywila" ingetuma kiungo kwenye sanduku ambalo halina mwenyewe. Nikabadilisha barua pepe kwanza nikiwa bado ndani, ikanitumia namba ya kuthibitisha kwenye barua pepe mpya, ndiyo nikaweka nywila. Nikatoka, nikaingia upya: kilomita zote zipo. Nilipiga kelele hapa.

Ya mapishi imenishinda. Sehemu ya barua pepe iko tupu kabisa, na hakuna pa kuweka nywila. Nikajaribu kwa ujanja wangu, nikatoka nikajisajili kwa barua pepe yangu. Imenipa akaunti mpya nyeupe, haina kitu. Nimepoteza?

---

Fundi_Funguo

Hujapoteza, una akaunti mbili sasa. Ile ya zamani bado ipo, imefungwa kwenye kitambulisho cha mtandao badala ya barua pepe. Inawezekana kwenye mtandao ulijisajili kwa namba ya simu, au siku ile ulikataa kutoa barua pepe, kwa hiyo programu haikupewa. Kila programu inapewa namba yake ya kukutambua, na kwa Facebook namba hiyo ni tofauti kwa kila programu, kwa hiyo haiwezi kukufananisha kwa kitu kingine.

Fanya hivi: futa ile mpya nyeupe kwanza, maana imeshika barua pepe yako na ya zamani haitaweza kuichukua. Halafu ingia kwenye ya zamani kwa kitufe kilekile (akaunti yako ya mtandao bado ni hai, hakuna hatari leo). Tafuta mahali pa kuongeza barua pepe, mara nyingine panajificha kwenye "wasifu" badala ya "usalama". Kama hakuna kabisa, tafuta pa kupakua au kutuma nje mapishi yako uyahifadhi, kisha waandikie huduma kwa wateja ukiwa bado umeingia, waombe wahamishe akaunti kwenye barua pepe. Ukiwa bado una uwezo wa kuingia, kuthibitisha kuwa ni wewe ni rahisi. Ukishafunga mtandao utabaki unasema "niamini ni mimi".

---

Nuru_ya_Mwezi

Huyo wa mwisho ndiye mimi 😭 Mimi nilifuta yangu miezi minne iliyopita bila kujua haya yote. Siku 30 zimepita zamani. Sina orodha, sina kitu. Kuna programu moja ya kutunza bajeti nilikuwa naingia kwa kitufe hicho. Sasa kitufe kinaniambia hakuna akaunti.

---

Fundi_Funguo

Dada Nuru, kwako akaunti imekwenda, na vibali vimekwenda nayo, kwa hiyo hakuna tena kinachotiririka kutoka mtandao kwenda kwa hizo programu. Kinachobaki ni vitu viwili: kuingia kwenye ile ya bajeti, na madaftari ya zile nyingine.

Kwa ya bajeti usibonyeze kitufe, wala usifungue akaunti mpya kwenye mtandao kwa barua pepe ileile ukidhani itafungua. Haitafungua, kitambulisho kitakuwa kipya. Nenda kwenye "nimesahau nywila" uandike barua pepe uliyokuwa nayo kwenye mtandao. Kama programu ilipewa barua pepe hiyo, nyingi zitakutumia kiungo cha kuweka nywila hata kama hukuwahi kuwa nayo. Kisipokuja chochote, jaribu barua pepe zako nyingine za zamani moja moja. Zikiisha, waandikie. Usiwaandikie "nimepoteza akaunti" tu. Wape wanachoweza kukilinganisha: jina la mtumiaji, mwezi uliojiunga, aina ya simu, na kama uliwahi kulipia, namba ya risiti. Risiti ndiyo inayofungua milango mingi kuliko vyote.

Orodha ya nyingine itafute kwenye sanduku lako la barua pepe. Tafuta maneno kama "welcome", "verify", "karibu", "unsubscribe", halafu panga kuanzia za zamani. Hutazipata zote, ila utapata zile zenye barua pepe yako, na hizo ndizo zenye sababu ya kuandikiwa.

---

Nuru_ya_Mwezi

Barua pepe ya pili ya zamani imekubali!! Kiungo kimekuja. Mungu akubariki kaka.

---

Chuma_Chakavu

Haya, nakubali nilikosea. Ila nauliza: hizo 19 asizozitaka si zinabaki pale pale? Anazifanyaje?

---

Fundi_Funguo

Swali zuri, na hapo mpangilio nao una maana. Anaziondoa akiwa bado na akaunti, moja moja, na anapoondoa asikimbie ukurasa.

Kwenye Facebook, ukiiondoa programu inahamia kwenye orodha ya zilizoondolewa. Ifungue huko kwa "View", na kwa programu nyingi utaona "Send Request". Hiyo inamwomba mwenye programu afute alichokihifadhi kuhusu wewe. Facebook inawalazimisha watengenezaji waweke ama njia ya kupokea ombi hilo, ama ukurasa wa maelezo ya jinsi ya kuomba. Kwa hiyo kwa baadhi utapata namba ya kufuatilia ombi, kwa wengine utatupwa kwenye ukurasa wa sera mrefu na barua pepe ya kuandikia chini kabisa. Nakili zile namba. Nakili pia ile namba ya utambulisho inayoonyeshwa kwa programu hiyo, maana mtu wa huduma kwa wateja akiambiwa jina lako tu anaweza asikuone, lakini namba hiyo ndiyo iliyoko kwenye kumbukumbu zake.

Haya yote hayawezekani baada ya akaunti kufa. Ndiyo maana nilisema bahati.

---

Sauti_Ndogo

Naomba niingize kitu ambacho hamjakigusa. Mnaongelea data inayotoka mtandao kwenda kwa programu. Upande wa pili je? Programu na tovuti nazo zinautumia mtandao habari zako: umefungua nini, umeweka nini kwenye kapu, umenunua nini. Mimi nafanya kazi ya matangazo, na hatuhitaji akaunti yako iwe imeungwa na kitu. Tunachukua barua pepe au namba ya simu uliyotupa sisi, tunaigeuza kuwa mlolongo wa herufi, tunaupeleka kwenye mtandao, nao unalinganisha na milolongo iliyoko kwake. Ukitaka kuona, kwenye kompyuta ya Linux andika:

```
printf 'jina@example.com' | sha256sum
```

Irudie kesho, irudie kwenye kompyuta nyingine, mlolongo ni uleule. Ndiyo maana wanasema "hatutumi barua pepe yako" na ni kweli, lakini milolongo ikifanana wanakutambua vilevile. Ukikata ruhusa kwenye "Apps and websites" hili halikatiki.

---

Kipepeo_Bluu

Hii sasa imenitisha. Inakatwaje?

---

Fundi_Funguo

Sauti Ndogo yuko sahihi, na ni jambo tofauti ndiyo maana nililiacha. Kwenye akaunti za Meta kuna sehemu inaitwa "Your activity off Meta technologies", zamani iliitwa "Off-Facebook activity". Iko ndani ya "Accounts Center", kwenye "Your information and permissions". Humo unaweza kuona nani ametuma, ukafuta ya nyuma, na ukatenganisha yajayo. Ifanye kabla ya kufunga akaunti, lakini mwisho kabisa, baada ya zile nne kuwa na nywila zake, kwa sababu kutenganisha yajayo kunaweza kukufungia kuingia kwa kitufe.

Na kwenye simu: Android mpya zina "Delete advertising ID" kwenye sehemu ya faragha na matangazo, na iPhone tangu iOS 14.5 inakuuliza kila programu kama iruhusiwe kukufuatilia, ikatae.

---

Sauti_Ndogo

Hapo tunatofautiana kidogo. Kutenganisha ni kuambia mtandao usiunganishe na akaunti. Hakumzuii mwenye duka kutuma. Kinachonisaidia mimi ni kubadili barua pepe kwenye zile programu nilizobaki nazo, kila moja yake. Mlolongo ukiwa haufanani na chochote, hakuna cha kulinganisha.

---

Fundi_Funguo

Barua pepe sawa. Namba ya simu utaibadili kwa kila programu? Na simu za marafiki zenye namba yako, wakipakia anwani zao, je?

---

Sauti_Ndogo

Kwa anwani za marafiki kuna ukurasa wa facebook.com/contacts/removal. Unaweka namba au barua pepe, unatumiwa msimbo, wanaiondoa kwenye anwani zilizopakiwa na kuizuia isipakiwe tena. Utani wake ni kwamba ili waizuie lazima wabaki nayo kwenye orodha ya kuzuia 😅 Kila mtu aamue mwenyewe.

---

Fundi_Funguo

Ndiyo hapo. Mimi sijaitumia kwa sababu hiyohiyo.

---

Kipepeo_Bluu

Taarifa ya wiki mbili, wakuu.

Ya mapishi: haikuwa na pa kuongeza barua pepe popote. Nikapakua mapishi yote kwa faili, nikawaandikia nikiwa nimeingia. Baada ya siku tatu wakahamisha. Nilishafuta ile nyeupe kama Fundi alivyosema, na kweli walisema isingewezekana ikiwa bado ipo.

Zile 19 nimeziondoa zote na kutuma maombi ya kufuta. Saba zilinipa namba ya kufuatilia. Tano zilinitupa kwenye sera, nikaandika barua pepe, mbili zimejibu. Nyingine tovuti zao hazifunguki hata, inaelekea walishafunga duka. Sijui daftari lao liko kwa nani.

Moja imeniomba nitume picha ya kitambulisho changu ili wathibitishe ni mimi kabla ya kufuta. Programu iliyonijua kwa picha ya wasifu tu sasa inataka kitambulisho? Nimekataa.

---

Nahodha_Msitaafu

Ungetuma, ukafunika namba kwa kidole. Bila hivyo hawafuti.

---

Nuru_ya_Mwezi

Mzee usimpoteze mtu. Atakuwa amewapa zaidi ya walichokuwa nacho!

---

Fundi_Funguo

Mimi ningewajibu kwa ile namba ya utambulisho niliyosema uinakili, pamoja na kuandika kutoka barua pepe ileile waliyonayo. Wanaweza kukubali au kukataa. Kitambulisho nisingetuma kwa programu ya namna hiyo.

Sasa, kabla hujabonyeza kufuta tena: toka kwenye mtandao kwenye kila kifaa, na ufute nywila yake iliyohifadhiwa kwenye brauza, ili hata ukijisahau ukabonyeza kitufe uulizwe nywila. Hizo sekunde mbili ndizo zilizokuponza. Kama ulikuwa unaingia kwenye mtandao wenyewe kwa akaunti ya Google, nenda myaccount.google.com/connections ukaondoe huko nako.

---

Kipepeo_Bluu

Nimefanya. Nimebonyeza kufuta leo, siku 30 zinahesabiwa upya kuanzia moja. Siku ya 31 nitajuaje imekwenda? Nijaribu kuingia?

---

Fundi_Funguo

Usijaribu kuingia hata kwa utani! Ukikosea siku moja umefufua tena. Subiri mpaka siku ya 35 hivi, fungua dirisha la faragha, nenda kwenye "nimesahau nywila", weka barua pepe yako uone kama inaipata akaunti. Ikikwambia hakuna, imekwenda. Usiendelee zaidi ya hapo. Kwa Facebook wanasema kusafisha kila kitu kwenye seva kunaweza kuchukua mpaka siku 90 tangu ombi lilipoanza, kwa hiyo usishangae, ila wewe huwezi tena kuirudisha.

---

Mpiga_Zumari

Wakuu, yangu bado haijarudi.

---

Kipepeo_Bluu

Siku ya 36. Nimeweka barua pepe, imesema hakuna akaunti. Ya kukimbia inafunguka, leo nimepiga kilomita sita.

Chemshabongo ni mojawapo ya zile saba zilizonipa namba ya kufuatilia, na kwenye ukurasa wao inasoma "imekamilika". Jana ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa. Wamenipongeza.

---

Fundi_Funguo

Tuma ile namba ya kufuatilia na barua hiyo ya hongera kwa pamoja, barua moja. Halafu utuambie wamejibu nini.